Kunoa, kung'arisha, kutuliza au kutengeneza nakala? Barua kwa mwenye kitara cha kale

Barua hii nilimwandikia mzee mmoja aliyetaka kuyapa makumbusho yetu kitara cha baba yake. Jina lake nimelitoa, naye ameniruhusu niisambaze, kwa sababu kila mwaka napokea maswali ya namna hiyo hiyo kutoka kwa watu wenye silaha za kale majumbani: ninoe, ning'arishe, au niache?

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako imenifikia, na picha zote tisa zimefika salama. Umeniambia mambo mawili. La kwanza, umeamua kitara cha marehemu baba kije makumbusho. La pili, kabla hujakileta ungependa fundi wako akipitishe kwenye cherehe ya umeme, akiondolee mapengo na kukipa makali, "kisitie aibu mbele za watu". Kwa la kwanza nakushukuru sana. Kwa la pili nakuomba usubiri usome barua hii mpaka mwisho, kisha uamue. Hati ya zawadi bado hujaitia saini, kwa hiyo kitara ni chako na uamuzi ni wako.

Sitaki kukuandikia "usinoe" halafu nikakuacha hapo. Njia ziko nne, na kila moja ina watu inaowafaa. Nitazipima zote kwa vipimo vilevile.

Tunachopima

Kwanza, ni nini kinachoondoka kwenye chuma, na je, kinaweza kurudi? Hiki ndicho kipimo ninachokiweka mbele, na sikukitunga mimi. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho zinataka kila kazi ya uhifadhi iandikwe, iwe ya kutenguka kadiri inavyowezekana, na mabadiliko yoyote yatofautike waziwazi na kitu cha asili.

Pili, baada ya kazi hiyo, kitara kitaendelea kutueleza nini kuhusu kilikotoka na kilichokipata?

Tatu, kitaonekanaje, na ni salama kiasi gani kwa atakayekishika?

Nne, kitadai matunzo gani miaka inayofuata?

Kabla ya kuanza, nikukumbushe kile nilichokiona nilipokuja kwako na kipimio changu, kwa sababu majibu yote yanategemea kitara hiki chenyewe. Ni cha mtindo wa 1796, wa askari wa farasi wepesi wa Uingereza, uliobuniwa na John Gaspard Le Marchant pamoja na mfua panga Henry Osborn wa Birmingham. Bapa lina urefu wa sentimita 83, limepinda, na linapanuka kuelekea nchani kama shoka jembamba. Mpini ni wa mti uliovikwa ngozi. Karibu na mpini, ubavuni mwa bapa, pana muhuri mdogo wa taji na namba chini yake. Huo ni muhuri wa mkaguzi wa serikali aliyekipokea. Haukupigwa kwa kina. Nilipopitisha ukucha juu yake ulinasa kidogo tu.

Makali yana mapengo saba. Kubwa kuliko yote lina kina cha milimita 2.5, na liko karibu theluthi moja kutoka nchani.

Njia ya kwanza: kunoa

*Kinachoondoka.* Watu wengi hudhani kunoa ni kugusa makali tu. Hebu tulifuate lile pengo la milimita 2.5. Fundi hawezi kulijaza; ataliondoa kwa kushusha makali yote yanayolizunguka mpaka yafikie sakafu ya pengo. Akishusha hapo tu, makali yatakuwa na bonde, kwa hiyo itambidi ashushe karibu urefu wote. Tuseme ameshusha. Sasa makali mapya yako mahali ambapo zamani palikuwa ndani ya bapa, na hapo chuma si chembamba. Kwenye kitara chako unene wa mahali hapo ni karibu nusu milimita. Nusu milimita haikati kitu.

Hapo fundi ana njia mbili. Anaweza kukata pembe fupi na pana juu ya ule unene, na makali yakawa mfano wa patasi, umbo ambalo kitara hiki hakikuwa nalo. Au anaweza kurudisha wembamba wa awali, na ili afanye hivyo ni lazima aondoe kama robo milimita kila upande wa bapa, kutoka makalini mpaka juu. Robo milimita ni kidogo mkononi, lakini kumbuka ule muhuri ambao ukucha wangu ulinasa juu yake kidogo tu. Ikipita robo milimita juu yake, kitara hiki hakina tena taji wala namba.

Kuna na joto. Cherehe ya umeme inayozunguka pakavu hupasha makali membamba kwa sekunde chache. Chuma kikifika nyuzi 220 hivi huota rangi ya nyasi kavu. Kikifika karibu 300 hugeuka bluu. Ukiona rangi hizo zinakimbia ukingoni, joto limeshaingia. Likipita lile ambalo mfua upanga alitumia alipokuwa akikipunguzia chuma wepesi wake wa kuvunjika, sehemu hiyo inalainika, na huirudishii ugumu bila kulipasha bapa zima moto na kulizamisha upya. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeufanyia hivyo upanga wa miaka 200. Fundi mzuri ataepuka haya kwa kutumia kinoo na maji badala ya cherehe. Joto atakuwa amelishinda. Chuma kilichoondoka hatakirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

La mwisho hapa: chuma cha zama hizo mara nyingi kina mistari ya mavi ya chuma na viungio ndani yake. Vikiwa vimefunikwa vimetulia. Ukikwangua juu yake unaweza kufungua ufa ambao hakuna aliyejua upo, na ufa ulio wazi ni mlango wa kutu.

*Kinachosomeka.* Hapa ndipo ninapopata uchungu zaidi. Panga za jeshi zilikaa butu wakati wa amani, na zikanolewa pale kikosi kinapoandaliwa kwenda vitani. Ukilitazama bapa lako kwa taa iliyolala ubavuni, utaona michirizi ya tupa iliyokwenda mshazari. Inaanzia nchani na inakoma kabla ya kufika mpini. Mtu mmoja, mwenye tupa na haraka, alikinoa kitara hiki kwa ajili ya kazi. Hiyo ni habari ambayo hakuna karatasi uliyonipa inayoitaja, na iko katika tabaka la chuma jembamba kuliko karatasi yenyewe. Kinoo cha leo kitaifuta kwanza kabla hakijagusa pengo hata moja.

Mapengo nayo yanasomeka. Nisikudanganye kwamba yote ni ya vita. Katika panga nyingi ninazoletewa, mapengo ni ya watoto waliocheza na upanga wa babu nyuma ya nyumba, wakagonga chuma kwa chuma. Nawe uliniambia mwenyewe, ukicheka, kwamba wewe na kaka yako mliwahi kufanya hivyo. Tunayatenganishaje? Kwa kioo cha kukuzia tunatazama ndani ya pengo. Lile kubwa lina rangi ileile ya kahawia iliyokolea kama sehemu nyingine ya bapa, na mdomo wake umelalia upande mmoja. Ni la zamani. Matatu kati ya yale madogo yana chuma kilicho cheupe zaidi kwenye sakafu, kwa hiyo ni ya baadaye, na nadhani mimi na wewe tunawajua waliohusika. Ukishanoa, pengo la askari na pengo la kaka yako yanakwenda pamoja kwenye vumbi la cherehe.

*Kuonekana na usalama.* Kitara kitang'aa ukingoni. Lakini jambo hili nimelijaribu na wageni wetu zaidi ya mara moja: mtu aliyesimama hatua moja kutoka kwenye kioo hawezi kutofautisha makali yanayokata na makali butu. Anachokiona ni mng'ao na umbo. Kwa hiyo ukali utakaoulipia hautaonekana na mgeni yeyote. Watakaoujua ni wafanyakazi wangu, siku watakapokihamisha kitara kutoka sandukuni.

*Baadaye.* Chuma kilichokwanguliwa upya ni kitupu. Alama ya kidole juu yake inaweza kugeuka kutu baada ya siku chache, kwa sababu ya chumvi ya jasho. Kitahitaji kutazamwa mara nyingi kuliko sasa.

*Kinamfaa nani.* Kunoa si dhambi. Panga la shambani, kisu cha jikoni, upanga mpya uliofuliwa ili utumike, hizo zinapaswa kunolewa. Pia kuna panga za kale ambazo jamii yake bado inazitumia katika shughuli zake, na kuzinoa ni sehemu ya kuzitunza. Huko mwenye neno ni jamii hiyo, si mimi. Kitara kilichokwisha toka kazini na kinakwenda kwenye kioo hakimo katika orodha hiyo.

Njia ya pili: kung'arisha bila kunoa

Hii ndiyo ambayo wengi huichagua wakidhani ni ya katikati. Makali hayaguswi, mbavu za bapa zinasuguliwa mpaka zing'ae.

*Kinachoondoka.* Inategemea unasugua kwa nini. Ukitumia msasa au gurudumu la kung'arishia, unaondoa chuma tu, polepole zaidi kuliko cherehe. Ile rangi ya kahawia inayokaribia weusi unayoiita uchafu, Mzee, kwa sehemu kubwa ni tabaka lililotulia ambalo limeshikana na chuma na kukikinga kidogo. Ukiiondoa unakaribisha kutu mpya. Gurudumu lina ubaya wake wa pekee: hulainisha kingo. Mfereji wa bapa, ambao ukingo wake ulikuwa mkali, hugeuka kuwa bonde la mviringo, na herufi zilizochorwa huonekana kama sabuni iliyotumika.

Hili nalijua kwa mkono wangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa jambia lenye kutu nyepesi nilisafishe. Nilichukua msasa laini kabisa uliokuwepo, nikasugua kwa nusu saa, nikafurahia mng'ao. Kwenye kitambaa kulikuwa na tope jeusi lenye chembe za manjano. Zile chembe zilikuwa dhahabu. Chini ya kutu kulikuwa na mstari wa maandishi yaliyopambwa kwa uzi mwembamba wa dhahabu, nami nilikuwa nimefuta maneno mawili ya kwanza. Mpaka leo hakuna ajuaye yalisema nini.

*Kinachosomeka.* Mapengo yatabaki, lakini rangi iliyo ndani yake, ile inayotusaidia kujua umri, itakuwa imechanganyika. Michirizi ya tupa huenda ikabaki nusunusu. Muhuri utakuwa umefifia.

*Kuonekana na usalama.* Kwa macho tu, hii ndiyo njia inayopendeza haraka kuliko zote, sikatai. Kama lengo lako ni watu waone chuma cheupe, utalipata bila hatari ya makali.

*Baadaye.* Sawa na kunoa: chuma kitupu kinachodai nta na macho ya mara kwa mara. Na tatizo jingine ni kwamba mng'ao hufifia, kisha mtu huja kusugua tena. Panga nyingi nyembamba ninazozijua hazikuliwa na vita. Zimeliwa na vitambaa.

*Kinamfaa nani.* Lazima nitaje panga za Japani, kwa sababu kila mara kuna mtu ananiuliza, "Mbona za Wajapani zinang'arishwa?" Ni kweli. Huko kung'arisha ni sanaa inayojitegemea. Mng'arishaji, anayeitwa togishi, hufundishwa kwa miaka mingi na hupitisha bapa kwenye mfululizo wa mawe, kutoka la mchanga mkubwa mpaka vipande vyembamba anavyovisukuma kwa kidole gumba. Lengo lake ni kuonyesha mstari wa ugumu na nyuzi za chuma, vitu ambavyo mfua upanga alikusudia vionekane. Hata hivyo wao wenyewe wanasema upanga unaweza kuchoka: ukisuguliwa mara nyingi, ganda la nje linaisha na chuma laini cha ndani kinatokeza. Na msuka, ile sehemu inayoingia mpinini, hawaugusi kamwe, kwa sababu kutu yake ni ushahidi wa umri. Kwa hiyo ukiwa na upanga wa Kijapani wenye thamani, mtu wa kumpelekea yupo, naye si fundi wa cherehe. Kitara chako hakikufuliwa kwa nia hiyo. Hakina kitu kilichofichwa ambacho mng'ao utakitoa.

Njia ya tatu: kukituliza na kuyaacha makali yalivyo

Sisi hukiita kitu kilichotulia kile ambacho kimeacha kubadilika. Hii si njia ya kukiacha kitupu kikae. Ina kazi zake.

*Kinachoondoka.* Uchafu, mafuta ya zamani yaliyoganda, na kutu hai tu. Kutu hai ni ile ya rangi ya chungwa, ya ungaunga. Kipimo chake unaweza kukifanya hapo nyumbani: laza kitara juu ya karatasi nyeupe, mahali pasipo na upepo, ukiache wiki mbili. Ukikinyanyua ukakuta unga wa rangi ya chungwa umedondoka, kutu inaendelea kula. Karatasi ikibaki safi, hiyo kahawia imetulia. Kwenye picha yako ya sita naona madoa mawili ya chungwa karibu na mpini, pengine kwa sababu ngozi ya mpini inashika unyevu. Kwingine pote naona kumetulia.

Kazi yenyewe tunaifanya hivi. Tunapiga picha kila upande, na nyingine kwa taa ya ubavuni, tukiweka rula pembeni. Tunafuta mafuta ya zamani kwa kiyeyushi tulichokijaribu kwanza sehemu ndogo, bila kukigusisha na ngozi ya mpini. Yale madoa mawili tunayachokoa chini ya kioo cha kukuzia kwa kijiti cha mti na brashi, tukisimama kila tunapofika kwenye tabaka la kahawia. Mwisho tunapaka nta laini ya makumbusho, tabaka jembamba sana, kisha tunaifuta mpaka isionekane.

Nta hiyo inaweza kuondolewa kesho kwa kiyeyushi kilekile. Mhifadhi atakayekuja baada yangu, akiwa na ujuzi nisiokuwa nao, atakikuta kitara kama nilivyokikuta.

*Kinachosomeka.* Vyote: michirizi ya tupa, mapengo saba, muhuri, hata alama ya ala ilivyosugua bapa kila lilipochomolewa.

*Kuonekana na usalama.* Hapa naomba niwe mkweli, kwa sababu ndipo hofu yako ilipo. Kitara hakitang'aa. Kitakuwa cha rangi ya kahawa iliyokolea, chenye mwanga mtulivu wa nta. Mgeni asiyeelezwa anaweza kusema, "Mbona kina kutu?" Kazi ya kumweleza ni yetu. Tutaweka taa chini, ubavuni, ili michirizi ya tupa ijitokeze, na pembeni picha iliyokuzwa ya lile pengo. Makali butu haimaanishi hayana hatari. Bapa la namna hii bado linaweza kumjeruhi mtu, na tutalishika hivyo.

*Baadaye.* Kitakaa nje ya ala. Ala yake ya chuma ina bitana ya mti ndani, na mti huo hushika unyevu dhidi ya bapa; tena kila kinapoingia na kutoka kinakwaruzwa. Unyevu wa hewa tutauweka kati ya asilimia 45 na 50. Chuma peke yake kingependa pakavu zaidi, lakini mpini wa mti na ngozi ungepasuka, kwa hiyo ni suluhu kati ya wawili. Tutakikagua mara mbili kwa mwaka na kukipaka nta upya inapobidi.

*Kinamfaa nani.* Mwenye kitu ambacho thamani yake iko katika kilichokipata, na mwenye mahali pa kukitunza. Kama kitara kitaning'inizwa juu ya ukuta wenye unyevu bila mtu wa kukiangalia, njia hii peke yake haitakiokoa.

Njia ya nne: kutengeneza nakala

Umeandika kwamba ungependa wajukuu "wakishike na wakione kinavyokata". Maneno hayo nimeyasoma mara mbili, kwa sababu yana haja ambayo njia tatu za juu haziitimizi vizuri. Kunoa kungewapa makali, lakini nisingewaruhusu wakishike.

*Kinachoondoka.* Hakuna. Mfua panga anapima unene wa bapa kila sentimita kumi, upana, mpindo na mahali kinaposimama sawa juu ya kidole. Kisha anafua kingine kwa chuma cha springi cha siku hizi.

*Kinachosomeka.* Nakala inafundisha kile ambacho kitara kilicho kwenye kioo hakiwezi: uzito unavyohisi ukielekea nchani, na kwa nini askari aliyekaa juu ya farasi alitaka uelekee huko. Lakini ona jambo moja: nakala inakuwa sahihi kwa kadiri vipimo vya asili vilivyo sahihi. Kitara kikinolewa kwanza na kupimwa baadaye, tutanakili kazi ya cherehe.

*Kuonekana na usalama.* Inang'aa upendavyo. Inaweza kuwa butu kwa ajili ya watoto, au kali kwa ajili ya maonyesho ya ukataji chini ya mtu aliyefunzwa.

*Baadaye.* Mafuta kidogo na kitambaa. Jambo moja nalisisitiza: mfua panga agonge neno NAKALA na mwaka kwenye bapa na kwenye msuka. Miaka hamsini ijayo mtu atakikuta dukani bila karatasi, na asipoona alama hiyo atakiuza kama cha 1796.

*Kinamfaa nani.* Familia inayotaka kitu cha kushika, shule, na watu wa michezo ya panga. Haimfai anayetaka chuma kilekile alichokishika baba yake. Huyo nakala haitamtosha, na namwelewa.

Kwa hali yako, na kwa hali nyingine

Ukitaka kitara kiwe ukumbusho wa baba na pia kishuhudie mambo yake, kilete kama kilivyo, tukitulize, nasi tukupe nakala ya picha zote na maelezo ya kazi tuliyofanya. Ukitaka wajukuu wawe na kitu mkononi, tupime kwanza, halafu mtafute mfua panga. Vipimo nitavitoa bila masharti, hata kama mwishoni utaamua kubaki na kitara nyumbani.

Ukiamua kubaki nacho na kukinoa, ni haki yako. Nitakuomba mawili tu: uniruhusu nikipige picha kwanza, na fundi atumie kinoo na maji, asiguse chochote kilicho shibiri moja kutoka mpinini, ulipo muhuri. Hapo utakuwa umepoteza michirizi na mapengo, lakini taji litabaki. Lakini nikueleze wazi kwamba baada ya hapo sidhani kamati yetu itakipokea, maana kitara kingine cha mtindo huo chenye makali yake ya asili tunaweza kukipata, na kilichonolewa upya kitatueleza zaidi kuhusu cherehe.

Mwenye upanga wa Kijapani aulize kwanza kama unastahili togishi, na wakati anasubiri asiufanyie chochote zaidi ya kuupaka mafuta kidogo, wala asiuguse kwa vidole. Mwenye silaha yenye maandishi, dhahabu au fedha asiguse msasa hata mara moja kabla mhifadhi hajaitazama. Na mwenye upanga wa kawaida uliotengenezwa miaka ya karibuni kwa ajili ya kukata nyasi, aunoe tu leo jioni. Barua hii haimhusu.

Ukiamua kukileta, usikifute wala kukipaka mafuta kabla ya safari. Kichomoe kwenye ala, ukizungushie kitambaa safi cha pamba kilichokauka, na ala uifunge peke yake. Usitumie mfuko wa plastiki. Unyevu utakwama humo. Kishike mpinini na chini ya mgongo wa bapa, mikono ikiwa na glavu, na kaka yako akiwepo mwombe asimame mbali kidogo.

Nakusubiri, Mzee wangu.

Mhifadhi wa mkusanyiko wa silaha